Maji Kwenye Karatasi ya Vidonge

Kidonge kimoja cha kufukizia nafaka kina uzito wa gramu 3. Ni cha rangi ya kijivu, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni fosfidi ya alumini. Kikiachwa kwenye hewa yenye unyevu hulika polepole mpaka kiwe vumbi, na katika kulika huko hutoa gramu 1 ya gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayowafuata fukusi na dumuzi mpaka ndani ya punje ya mahindi, na mtu akiivuta humuua vilevile. Baadhi ya nchi zimeweka kikomo cha sehemu 0.3 za fosfini katika sehemu milioni moja za hewa kwa mfanyakazi wa zamu ya saa 8. Zikifika sehemu 50, uhai wa aliyemo humo unahesabiwa kuwa hatarini papo hapo. Dawa ya kuivunja sumu hii mwilini haipo. Daktari humsaidia mgonjwa apumue na moyo wake uendelee kupiga, basi.

Vidonge hivi vimo katika maghala mengi ya nafaka ya Afrika Mashariki, na kwa kawaida huja na karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16. Sehemu ya pili ndiyo ya hatari na tahadhari, nayo imeandikwa kwa sentensi ambazo hakuna mtu wa kiwandani aliyezitunga. Zinatoka katika mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, ambao kitabu chake chenye jalada la zambarau kilitoka mara ya kwanza mwaka 2003. Kila sentensi ina namba yake. Zinazoanza na H zinataja hatari, zinazoanza na P zinasema ufanye nini. H330 inasema kitu kilekile Hamburg na Mombasa, na faida yake ni kwamba haibadiliki kwa matakwa ya muuzaji. Kitabu chenyewe hutolewa kwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo katika hizo sita. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anapewa sentensi ambayo kwingine ina maneno yaliyokwisha kukubaliwa, kisha yeye anaketi mezani kuyatafuta upya.

Karatasi ya vidonge hivi inaweza kufasiriwa sentensi kwa sentensi, kila moja ikawa sahihi, na bado ikamuumiza mtu. Ukitaka kuona inavyowezekana, chukua kitu kimoja tu ukifuate kutoka juu mpaka chini. Kitu hicho ni maji.

Kwanza yanatokea kwenye hatari. H260 inasema kwamba kemikali hii ikigusana na maji hutoa gesi zinazoweza kushika moto zenyewe. Hapo Kiswahili hakina shida. Kina "hu-" ya mazoea na "-ki-" ya sharti, viungo viwili vinavyobeba sentensi nzima bila msaada. "Ikiguswa na maji hutoa gesi inayoweza kuwaka yenyewe, bila kiberiti." Maneno "bila kiberiti" hayamo katika asili, lakini ninapofasiri nayaacha, kwa sababu "kuwaka yenyewe" peke yake mtu huisoma haraka na kuiona ni namna ya kusema tu. Karatasi za Ulaya huongeza sentensi nyingine, EUH029, kwamba ikigusana na maji hutoa gesi yenye sumu. Mfasiri mvivu huona mbili hizo zinarudiana na kuziunganisha. Hazirudiani. Moja ni ya moto na nyingine ni ya pumzi, na mtu anaweza kufa kwa ile ya pili bila kuona hata cheche.

Kisha maji yanahamia kwenye tahadhari, na hapa ndipo mambo yanapoanza kukwama. P223 ni fupi: isiguswe na maji. Tafsiri ninayokutana nayo mara kwa mara ni "Usiruhusu mgusano na maji." Kisarufi haina kosa. Mtunza ghala mmoja, mama mtu mzima aliyezoea kuhesabu magunia kuliko kusoma karatasi, aliisoma kwa sauti, akanitazama na kuniuliza, "Mwanangu, mvua huwa inaniomba ruhusa?" Alikuwa na haki. Sentensi hiyo haina mtendaji wala tendo; ina ruhusa na mgusano, vitu ambavyo ghalani havishikiki. Msomaji anataka aambiwe afanye nini kwa mikono yake: usikiloweshe kidonge, usikishike kwa mkono wenye maji, usifungue chupa paa linapovuja.

P232 inataka kemikali ikingwe na unyevu. Neno "unyevu" ni zuri, tatizo ni kile kinachomjia mfanyakazi akilini anapolisikia. Kwake unyevu ni sakafu iliyomwagikiwa au ukuta wa masika. Jasho la kiganja chake mwenyewe halimo. Wala haioni hewa ya asubuhi ya Tanga au Lamu kuwa ni maji, ingawa kwa kidonge ni maji ya kutosha. Na mahindi je? Mahindi yaliyokaushwa vizuri mpaka kiwango cha biashara bado yana maji kama asilimia 13 ya uzito wake. Unyevu huo, pamoja na ule wa hewa iliyo kati ya magunia, ndio unaokiamsha kidonge kilichowekwa chini ya turubai. Bila huo fukusi wangeendelea kula. Kwa hiyo kuandika tu "hifadhi pakavu" ni kumpa mtu imani kwamba pakavu kidonge kimelala. Chupa ikishafunguliwa, kidonge hakilali popote penye hewa. Katika tafsiri ninaongeza maneno "hata jasho na hewa yenye ukungu," na sioni kwamba nimeisaliti asili. Kitabu cha zambarau chenyewe kinaruhusu maneno ya tahadhari yarekebishwe kidogo kulingana na mahali, mradi yasipunguze makali ya onyo.

Mpaka hapo maji ni adui, na msomaji ameshaelewa. Halafu anafika kwenye P302, P335 na P334, sentensi tatu zilizofungwa pamoja kwa alama ya kujumlisha. Zinahusu kemikali iliyoangukia ngozi. Zinasema: ondoa chembe zilizo juu ya ngozi, tumbukiza kwenye maji ya baridi. Mtu ambaye dakika moja nyuma ameambiwa isiguswe na maji, sasa anaambiwa atie mkono majini.

Hakuna mgongano kama mpangilio utashikwa. Vumbi huondolewa kwanza likiwa kavu, mahali penye hewa nyingi, mpaka liishe. Ndipo maji yanapofuata, mengi na ya baridi, kwa ajili ya kile kidogo kilichobaki. Ukianza na maji, unatengeneza gesi juu ya mkono wako, usawa wa pua yako. Asili inaweka nukta kati ya matendo hayo mawili na kumwachia msomaji akisie kwamba la kwanza ni la kwanza. Kiswahili hakina haja ya kubahatisha namna hiyo. Tuna "kwanza", tuna "kisha", na tuna "ndipo", ambalo kwa kazi hii naliona bora kuliko yote kwa sababu linafunga mlango: la pili haliji kabla la kwanza halijaisha. "Kwanza kung'uta vumbi lote likiwa kavu. Likiisha, ndipo uoshe kwa maji mengi ya baridi na sabuni."

Hata kitenzi kina uzito hapa. Kamusi itakupa "pangusa", lakini mwambie kibarua apanguse kitu, uone kama hatatafuta kitambaa na kukilowesha kidogo. Ni desturi ya mkono. "Kung'uta" haihitaji maji. Mtu hukung'uta kanga au gunia, na hutoka nje kufanya hivyo ili vumbi lisimrudie usoni. Lile tunalotaka afanye limo tayari ndani ya kitenzi.

Tuje kwenye moto. P370 na P378 zinasema: ikitokea moto, tumia nukta tatu kuzima. Ndiyo, nukta tatu. Kitabu kinaacha nafasi ili mtengenezaji ajaze kinachofaa, na watengenezaji wengi hujaza: mchanga mkavu, unga mkavu wa kuzimia moto, kaboni dioksidi. Lakini nimeona tafsiri zilizofasiri nukta hizo kwa uaminifu mkubwa, zikabaki nukta: "Ikitokea moto: Tumia ... kuzima." Msomaji wa sentensi hiyo atajaza mwenyewe, na atajaza kile ambacho kila mtoto wa Kiswahili hufundishwa, kwamba moto huzimwa kwa maji. Maji yakifika kwenye vidonge vinavyoungua, gesi huongezeka na yenyewe hushika moto.

Na "mchanga mkavu" nao unataka macho. Ndoo nyekundu za mchanga hutundikwa nje ya mlango wa ghala, mara nyingi bila kifuniko, na mvua ya vuli ikipita mchanga ule unakuwa na maji mpaka chini. Ukiandika "mchanga" umetaja ndoo ile. Ukiandika "mchanga mkavu" umempa mtunza ghala kazi ya kuuhamishia ndani au kuufunika. Neno moja linabadilisha zilipo ndoo, na ni neno ambalo mwenye haraka hulikata ili mstari uenee.

Nikiacha maji kidogo, kuna ile alama ya mkwaju. P260 katika asili inataja vumbi, moshi, gesi, ukungu, mvuke na mnyunyizo, vikitenganishwa kwa mikwaju, ili mtengenezaji achague vinavyohusika na kufuta vingine. Mfasiri anapaswa kukabidhiwa karatasi iliyokwisha kuchaguliwa. Asipokabidhiwa, achague kwa kuuliza mtu anayejua. Katika vidonge hivi ni vumbi na gesi. Vingine vyote ni kelele, na mfanyakazi akizoea kelele huacha kusoma. Tena, "usivute gesi" ni amri isiyotekelezeka kwa gesi isiyo na rangi. Harufu yake, ile ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, hutokana zaidi na uchafu uliochanganyika nayo, na huweza kupotea huku gesi ikiwa ipo. Anachoweza mtu kufanya ni kutoingia. Kwa hiyo chini ya P260 naandika: "Usiingie mpaka mfukizaji apime kwa kifaa na aondoe kibao cha onyo. Kutosikia harufu si ruhusa."

P284 inataka kinga ya upumuaji. Tangu Uviko-19 neno linalokuja mdomoni haraka ni barakoa, nalo hapa ni neno la kuua. Barakoa ya kitambaa haizuii fosfini hata kidogo, na barakoa ya vumbi ya karakana ni vilevile. Kinachotakiwa ni kifuniko cha uso mzima chenye chujio lililotengenezwa kwa ajili ya fosfini, na maelekezo ya vidonge hivi kwa kawaida hukikubali mpaka sehemu 15 katika milioni. Zaidi ya hapo, au kiwango kisipojulikana, anaingia mtu aliyebeba mtungi wake wa hewa mgongoni. Maneno hayo ni marefu mno kwa kibandiko, najua. Bora yawe marefu. Na kwa kuwa tumetaja mazoea: maziwa wanayogawiwa vibarua baada ya kazi za kemikali ni chakula kizuri, lakini hayana lolote yanaloweza kuifanya gesi iliyokwisha kufika mapafuni.

Sasa turudi kwenye maji mara ya mwisho, mahali ambapo karatasi nyingi zilizofasiriwa huishia njiani: sehemu ya 13, ya kutupa mabaki. Ufukizaji ukiisha, turubai likiondolewa, hubaki vumbi la kijivu kwenye trei. Watu huliita majivu, na jina hilo linalifanya lionekane limekufa. Kwa kiasi kikubwa limekufa kweli, ni haidroksidi ya alumini, lakini ndani yake huweza kubaki asilimia 2 au 3 ya kemikali ambayo haijamaliza kazi.

Tuseme lundo la magunia lina tani 100 na limepewa vidonge 3 kwa tani. Hivyo ni vidonge 300. Asilimia 3 ikibaki hai, mfagiaji amekusanya katika ndoo yake kiasi cha vidonge 9, ambavyo bado vina gramu 9 za gesi ya kutoa. Akiipeleka ndoo hiyo kwenye stoo ya mifagio yenye urefu wa mita 4, upana wa 3 na kimo cha 2.5, akafunga mlango, na vumbi likamalizia kazi yake usiku ule, hewa ya chumba itakuwa na zaidi ya sehemu 200 za fosfini katika milioni. Ni mara nne ya kile kiwango cha hatari ya papo hapo. Atakayefungua mlango asubuhi kuchukua fagio hana taarifa yoyote. Na vumbi likirundikwa pamoja au kufungiwa kwenye mfuko hujipasha joto na kuweza kuwaka.

Ndiyo maana maelekezo ya kutupa yanataka vumbi hilo liuawe, na njia mojawapo iliyozoeleka ni kuliua kwa maji. Yaani kitu kilichokatazwa ukurasa mzima kinaagizwa mwishoni. Pipa hujazwa maji yenye sabuni kidogo, nje, mbali na watu, bila kifuniko. Vumbi humiminwa polepole ndani ya maji huku likikorogwa, na anayefanya hivyo amevaa kinga kamili. Kisha huachwa saa 36. Vumbi ndilo linaloingia majini. Maji hayamiminwi juu ya vumbi hata mara moja. Anayefanya ni mfukizaji mwenye mafunzo. Mfagiaji hahusiki.

Asili ya sentensi hizi haisemi nani. Imeandikwa kwa matendo yasiyo na mwenyewe: ihifadhiwe, ioshwe, itupwe. Katika nchi ambako ghala lina mtaalamu wa kemikali huenda inatosha, kwa sababu kila mmoja anajua ipi ni yake. Kwenye ghala ambako karatasi moja imebandikwa ukutani na wote wanaisoma, "mabaki yamiminwe kwenye maji" ni amri kwa yeyote aliyeshika fagio. Naye atafanya kwa bidii, tena atamwaga ndoo ya maji juu ya trei kwa sababu ndiyo njia nyepesi.

Hivyo siku hizi sifasiri karatasi moja, natoa mbili. Ya kwanza ni karatasi kamili, sehemu zote 16, namba zote za H na P mahali pake, ili mkaguzi na daktari waipate kama ilivyo. Ya pili ni ya ukutani, nayo haifuati mpangilio wa kitabu; inafuata mpangilio wa kazi na inataja mtu. Inaanza na kibarua anayepakua katoni: ukiona chupa imepasuka au boksi limelowa, usiliguse, toka nje, mwite mfukizaji. Inafuata ya mfukizaji: fungua chupa nje au mlangoni, mikono mikavu, glavu kavu. Kisha ya kila mtu: vumbi likikupata, kwanza kung'uta, ndipo uoshe. Kisha ya moto: mchanga mkavu au unga mkavu wa kuzimia moto, maji hapana. Ya mwisho ni ya mfagiaji: usifagie trei hizi, usizifunike, usizimwagie maji, ni kazi ya mfukizaji. Chini kabisa naacha mstari wa simu ya hospitali ya karibu, ujazwe kwa kalamu palepale ghalani, pamoja na neno ambalo mpeleka mgonjwa lazima alitamke kwa daktari: fosfini. Anayesema "amevuta dawa" atapoteza dakika nyingi akiulizwa dawa gani.

Wenye kazi husema ya pili haikuombwa na hawailipii. Mara nyingi ni kweli, haikuombwa. Sheria zetu zinataka mfanyakazi aelezwe hatari za kazi yake, na mkaguzi akija huonyeshwa karatasi ya Kiswahili, basi anaridhika. Lakini karatasi hiyo ikifasiriwa neno kwa neno huwa imempa mkaguzi kile alichokuja kukitafuta, na imemwacha mfagiaji na ndoo yake.

Kwako wewe unayesimamia ghala na unasoma haya: karatasi yako iliyoko ukutani itafute neno "maji" kuanzia juu. Kila unapolikuta, mwite kibarua mmoja na mfagiaji mmoja, wasome mstari huo, kisha wakuonyeshe kwa vitendo, kwa trei yenye unga wa ngano, wangefanya nini. Wakichukua ndoo ya maji mahali ambapo hawakupaswa, usiwafokee. Ibandue karatasi, umrudishie aliyeifasiri.